PAL au NTSC kwenye TV ya kichogo

Shangazi yangu wa Kibaigwa alinipigia: "Mwanangu, sauti ya king'amuzi naisikia vizuri, ila picha haina rangi." TV yake ni ya kichogo, imeunganishwa kwa waya wa njano. Niliposhika rimoti ya king'amuzi nikakuta kwenye menyu Video Format, yaani mfumo wa picha, iko NTSC badala ya PAL.

NTSC ina mistari 480 ya picha, na rangi zake zimefungwa kwa namna ambayo TV ya PAL pekee haiwezi kuzifungua. Unabaki na kijivu, na mara nyingine picha inapanda juu mfululizo kama pazia linalovutwa. PAL ina mistari 576, na ndiyo mfumo wa vichogo karibu vyote vya huku kwetu, kwa hiyo mimi huchagua hiyo bila mjadala. NTSC iachie TV ya mtumba kutoka Japani au Marekani isiyoijua PAL.

Ukiona pia 720p au 1080i kwenye Video Format, usihangaike nazo. Hizo ni za HDMI, waya wa njano hauzipitishi.

Kwa shangazi niliweka PAL, nikabonyeza OK, kioo kikawa cheusi kidogo, jezi zikarudi na rangi zake. Kijivu kikigoma kuondoka, fungua menyu ya TV yenyewe, Color System, uweke AUTO.