Mwaka mmoja na nusu na programu ya mikopo ya kikundi chetu Tanga: angalia mstari wa pili wa ratiba

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Tanga mjini. Wengi wetu ni wachuuzi wa samaki, wapishi wa vitumbua na mafundi cherehani. Ni kikundi cha daraja la nne kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, yaani vikundi vya kijamii kama vikoba. Mikopo tuliiandika kwenye madaftari kwa miaka, kisha tukahamia kwenye programu ya simu inayopanga ratiba ya marejesho yenyewe. Jina la programu naliacha, kwa sababu ninachotaka kukieleza utakikuta kwenye nyingi za aina hii.

Kazi kubwa inaifanya vizuri, nami sirudi kwenye daftari tupu. Lakini miezi ya mwanzo ilitupanga vibaya bila mtu kujua, na aliyegundua si mimi. Ni mama mmoja anayeuza samaki pale Deep Sea.

Desemba alikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12 ili anunue friza. Katiba yetu inasema riba ni asilimia 3 kwa mwezi ya deni lililobaki. Mwisho wa Machi alikuja kulipa rejesho la tatu, akaketi, akafungua daftari lake la mauzo.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hapa. Leo nimetimiza laki nne na elfu nane. Mbona riba imeganda palepale? Januari elfu thelathini na sita, Februari thelathini na sita, leo tena thelathini na sita. Deni langu halipungui?"

Nikafungua simu. Kweli, safu ya riba ilikuwa na namba moja kuanzia juu mpaka chini, 36,000 mara kumi na mbili.

Hiyo ndiyo riba ya flati. Unachukua mkopo wote wa mwanzo, 1,200,000, unazidisha kwa asilimia 3, na hiyo 36,000 inatozwa kila mwezi hata ule wa mwisho, ambapo mtu amebakiwa na deni la laki moja tu. Kwa miezi 12 riba inafika 432,000, na kila rejesho ni 136,000. Kwenye riba ya salio linalopungua, asilimia 3 inakokotolewa juu ya kile ambacho bado hajakirudisha, kwa hiyo kila anapolipa, riba ya mwezi unaofuata inashuka. Mkopo uleule, asilimia ileile, kwa marejesho yanayolingana ya kama 120,554, riba yote inakuwa karibu 246,650. Tofauti inakaribia shilingi 185,000, na hiyo kwa mama wa samaki ni fedha ya kuingia mnadani siku kadhaa.

Kilichotuponza ni kwamba mwezi wa kwanza njia zote mbili zinatoa jibu moja. Deni ni 1,200,000 kamili, riba ni 36,000, na ukitazama mstari wa kwanza peke yake huwezi kujua uko kwenye njia ipi. Mimi nilikuwa nakagua huo tu. Nilipiga 1,200,000 mara 0.03, nikaona imekubali, nikatulia. Ukweli unaanza kwenye mstari wa pili. Chukua salio lililobaki baada ya rejesho la kwanza, lizidishe kwa asilimia yenu, ulinganishe na riba iliyoandikwa. Zikilingana, programu inafuata salio. Ikiwa riba ni ileile ya mwezi wa kwanza, ni flati, hata kama karatasi ya mkataba inasema vingine.

Nilikwenda kutafuta chanzo. Kwenye mipangilio ya aina za mikopo kuna sehemu imeandikwa `Interest method`, na chini yake kuna `Flat` na `Declining Balance`. Kijana aliyetufungia programu aliiacha kama alivyoikuta, nayo ilikuwa `Flat`. Nikabadilisha, nikarudi kwenye mkopo wa yule mama, na ratiba haikusogea hata shilingi. Hapa nilihangaika siku nzima. Kumbe mkopo ukishaidhinishwa unabeba masharti ya siku ile, na kubadilisha aina ya mkopo kunagusa mikopo mipya tu. Ya zamani lazima uifungue mmoja mmoja na kuipangia upya.

Kabla ya kuigusa nilitaka kujua hasa tumemtoza kiasi gani zaidi. Nilirudia hesabu kwa mkono, nikihesabu kwamba kila 136,000 aliyoleta inalipa kwanza riba halali ya mwezi huo, inayobaki inapunguza deni. Januari riba 36,000, deni likashuka mpaka 1,100,000. Februari riba ni 33,000, deni 997,000. Machi riba ni 29,910, deni 890,910. Kwa hiyo katika miezi mitatu tulimzidishia riba ya shilingi 9,090 tu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema. Maumivu yalikuwa mbele: programu ilimdai bado marejesho tisa ya 136,000, yaani 1,224,000. Deni lake la kweli la 890,910, likigawanywa kwa miezi tisa kwa riba inayopungua, linatoa rejesho la 114,423, jumla kama 1,029,800. Angeendelea hivyo mpaka Desemba, angelipa zaidi kwa karibu laki moja na tisini na nne elfu.

Tukampangia upya kwa 114,500, na la mwisho likawa dogo kidogo. Mikopo mingine iliyokuwa imeingia kwa kosa hilohilo tuliirekebisha vivyo hivyo mbele ya mkutano, kila mwanachama na karatasi yake mkononi.

Ukitaka kuhakiki bila kuitegemea programu, jedwali lolote la hesabu kwenye simu linatosha. Mimi naandika hivi:

```
=PMT(0.03,12,-1200000)
=RATE(12,-136000,1200000)
```

Mstari wa kwanza unakupa rejesho linalolingana, 120,554.50. Wa pili unajibu swali ambalo watu wengi hawaliulizi: mtu anayelipa 136,000 kwa miezi 12 analipa riba ya asilimia ngapi ya salio? Jibu linakuja 0.0508. Yaani asilimia 3 ya flati ni sawa na karibu asilimia 5.1 ya salio linalopungua. Tangu nilione hilo, mkopeshaji yeyote akitaja asilimia tu bila kusema ni ya nini, namuuliza kwanza.

Baada ya kurekebisha tulikuta chaguo la pili, nalo nalipenda sana. Linaitwa `Amortization`. Ukichagua `Equal installments`, mwanachama analipa kiasi kimoja kila mwezi. Ukichagua `Equal principal payments`, kinacholingana ni sehemu ya mkopo, laki moja kila mwezi, na riba inaongezwa juu yake. Rejesho la kwanza linakuwa 136,000, la pili 133,000, linashuka elfu tatu kila mwezi mpaka la mwisho 103,000. Riba yote ni 234,000, pungufu kidogo kuliko ile ya kulingana.

Kwa watu wa samaki wa pwani hii tofauti si ya shilingi tu. Kaskazi inapovuma bahari imetulia, mashua zinatoka, fedha ipo. Kusi ikishika, kuanzia kama Aprili au Mei, kuna siku hakuna anayetoka. Anayekopa Desemba anaweza kubeba marejesho mazito Januari mpaka Machi, na yanapofika ya miezi ya kusi yameshapungua. Kwa mtu anayekopa Mei mimi nashauri kinyume, alipe kiasi kimoja, kwa sababu marejesho mazito yatamkuta katikati ya ukame wa samaki. Sasa tuna aina mbili za mikopo kwenye programu, na mwanachama anaoneshwa ratiba zote mbili kabla ya kuweka kidole.

Jambo la tatu lilinipata kwa fundi cherehani mmoja wa Ngamiani. Mkopo wake ulikuwa wa kiasi hichohicho, marejesho ya kulingana tuliyoyasogeza mpaka 120,600. Mwezi wa tatu alipata tenda ya sare za shule, akaleta laki mbili zaidi ya rejesho lake ili apunguze deni. Programu ikapokea, ikatoa risiti, na riba ya mwezi wa nne ikabaki 28,155 kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Fedha yake ilikuwa imekaa kama malipo ya mbele, inasubiri marejesho yajayo. Ilimpumzisha mwezi mmoja na ushei, lakini haikumpunguzia riba hata senti.

Kinachotakiwa ni kuwasha kipengele cha kukokotoa riba upya, `Interest recalculation`, na kuchagua kwamba ziada ipunguze idadi ya marejesho. Tulipompangia upya hivyo, riba ya mwezi wa nne ikashuka mpaka 22,155, pungufu ya elfu sita, ambayo ndiyo asilimia 3 ya laki mbili. Mkopo ukaisha mwezi wa kumi badala ya wa kumi na mbili, na akaokoa kama 56,000. Kwenye riba ya flati, ziada ya namna hii haisaidii kitu mpaka mkopeshaji aamue mwenyewe kusamehe riba ya miezi iliyobaki. Kama kikundi chenu kinatumia flati kwa makusudi, andikeni jambo hilo kwenye katiba kabla mtu hajaja kulipa mapema.

Kuna jambo dogo lingine lililotuchanganya. Mpangilio ukiwa wa kuhesabu siku, programu inachukua asilimia 36 za mwaka, inagawa kwa siku 365, inazidisha kwa siku za mwezi. Mwezi wa siku 31 riba ya kwanza inakuwa 36,690, Februari ya siku 28 inapungua. Si kosa, lakini katiba yetu inasema kwa mwezi, na mama akiona 690 asiyoielewa anadhani ameibiwa. Tumeuweka kwenye hesabu ya mwezi, yamekwisha.

Kero iliyobaki ni ujumbe wa simu. Mwanachama akilipa anapokea jumla aliyolipa na jumla anayodaiwa, basi. Haoni riba ni ngapi na mkopo umepungua kwa ngapi. Nimewaandikia wenye programu mara mbili waongeze namba hizo mbili. Mpaka watakapoziweka, naziandika kwa kalamu kwenye kitabu cha kila mwanachama siku ya mkutano, na yule mama wa Deep Sea ananisomea kwa sauti namba za mwezi uliopita kabla hajanipa fedha.