Mwongozo wa kununua: exFAT au NTFS kwa diski moja ya televisheni, kompyuta mpakato na konsoli ya michezo

Diski ya nje inapotoka dukani huwa tayari imefomatiwa kwa mfumo fulani wa faili, na mfumo huo ndio unaoamua ni kifaa gani kitaisoma, kipi kitaiandikia, na kipi kitadai kwamba hakuna kitu kilichochomekwa. Diski nyingi huuzwa zikiwa na NTFS au exFAT, ilhali vijiti vidogo vya USB, vya gigabaiti 32 kushuka chini, mara nyingi huja na FAT32. Kwa mnunuzi anayetaka diski moja izunguke kati ya televisheni, kompyuta mpakato na konsoli, mpangilio wangu ni huu: exFAT kwanza, NTFS ya pili, na FAT32 ya mwisho kabisa, itumike tu pale ambapo televisheni ni ya zamani kiasi cha kukataa zote mbili.

Mpangilio huo hautokani na ubora wa mfumo wenyewe, kwani kwa uimara NTFS ndiyo iliyo mbele. Unatokana na ukweli kwamba diski inayoshirikiwa hutawaliwa na kifaa kigumu zaidi kati ya vile vitatu, na mara nyingi kifaa hicho ni konsoli. PlayStation 4 na PlayStation 5 hutambua diski ya picha na video iliyofomatiwa kwa exFAT au FAT32, lakini si kwa NTFS. Xbox One na zile za Series husoma zote tatu. Kwa hiyo mwenye PlayStation hana uamuzi mgumu wa kufanya, kwa sababu NTFS imekwisha kuondolewa kabla hata hajaiuliza televisheni yake. Mwenye Xbox ana uhuru zaidi, na kwake yeye swali linahamia kwenye kompyuta na televisheni.

Kompyuta yenye Windows husoma na kuandika mifumo yote miwili bila shida. Kompyuta ya Mac ni jambo jingine: macOS huisoma NTFS, lakini haiwezi kuiandikia bila programu ya ziada, na hivyo mtumiaji huona faili zake zote, akajaribu kuongeza moja, akakuta haiwezekani. exFAT huandikwa na Mac tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010. Kwa upande wa Linux, exFAT iliingizwa rasmi katika kiini chake baada ya Microsoft kuchapisha maelezo ya mfumo huo mwaka 2019. Tarehe hiyo ina maana kwa televisheni pia, kwa sababu nyingi huendeshwa na Linux ndani yake, na kabla ya hapo mtengenezaji alihitaji leseni ili kuweka exFAT. Ndiyo sababu zipo televisheni za miaka ya nyuma ambazo vitabu vyake vya maelekezo hutaja FAT32 na NTFS pekee, na nyingine ambazo huisoma NTFS bila kuiandikia. Kabla ya kununua, fungua kitabu cha maelekezo cha modeli yako hasa, utafute sehemu inayohusu USB, kwani modeli mbili za chapa moja zinaweza kutofautiana.

Sasa tuje kwenye kikomo cha ukubwa wa faili, ambacho ndicho kinachoitupa FAT32 mkiani. Faili moja ndani ya FAT32 haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani gigabaiti 4.29 kwa hesabu inayoandikwa kwenye maboksi ya diski. Hata diski ikiwa na terabaiti nzima iliyo wazi, faili ya gigabaiti 5 haitaingia, na Windows itaonyesha ujumbe unaoishia na maneno `is too large for the destination file system`. Watu wengi huusoma ujumbe huo kama taarifa kwamba diski imejaa, wakaanza kufuta vitu. Dawa yake si kufuta, ni kubadili mfumo wa faili.

Ni rahisi kukadiria ni video zipi zitagonga kikomo hicho. Filamu ya saa mbili ina sekunde 7,200. Ukigawa baiti zile kwa sekunde hizo utapata takribani megabaiti 0.6 kwa sekunde, ambazo ni kama megabiti 4.8 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Filamu yoyote ya saa mbili inayopita kiwango hicho haiwezi kukaa kwenye FAT32 ikiwa faili moja. Filamu ya 4K yenye megabiti 25 kwa sekunde itachukua gigabaiti 22.5, yaani zaidi ya mara tano ya kikomo. exFAT na NTFS hazina tatizo hilo: NTFS kwa mpangilio wake wa kawaida hukubali faili moja ya karibu terabaiti 16, na kikomo cha exFAT kiko mbali zaidi ya diski yoyote utakayoibeba mkononi. Kwa suala la ukubwa wa faili, basi, hakuna mshindi kati ya hizi mbili, na tangazo linaloisifu moja juu ya nyingine kwa kigezo hicho halikusaidii kuchagua.

Tofauti ya kweli iko mahali pengine. NTFS huandika kwanza kwenye daftari lake la ndani kila badiliko inalokusudia kufanya katika orodha ya faili, hivyo umeme ukikatika au waya ukichomolewa katikati ya kazi, hurudi kwenye daftari hilo na kurekebisha orodha. Haiokoi faili iliyokuwa ikinakiliwa wakati huo, lakini huzilinda zile nyingine. exFAT, kama inavyotumika kwenye diski za kawaida, haina daftari hilo. Diski inayochomolewa ovyo inaweza kurudi ikiwa na folda tupu, au majina yaliyojaa herufi zisizoeleweka, au ikafunguka kwa kusoma tu. Hili ndilo gharama halisi ya chaguo langu la kwanza, na ni afadhali lijulikane mapema. Namna ya kulipunguza ni kuiondoa diski kwa amri ya kuondoa kwenye kila kifaa, televisheni ikiwemo, na kuweka nakala ya vitu visivyopatikana tena mahali pengine. Dalili zikianza, ichomeke kwenye Windows na uendeshe amri hii, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E:

```
chkdsk E: /f
```

Kuna pia jambo dogo la nafasi. Kwenye diski inayozidi gigabaiti 32, Windows huigawa exFAT katika vipande vya kilobaiti 128, na kila faili huchukua angalau kipande kimoja. NTFS hutumia vipande vya kilobaiti 4. Kwa filamu hasara hiyo haionekani. Kwa folda yenye maelfu ya faili ndogondogo, kama za kazi ya programu, itaonekana.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye PlayStation 5, kompyuta ya Windows, na televisheni inayotaja exFAT katika maelekezo yake. Mtumiaji anataka kunakili video za michezo kutoka kwenye konsoli, kuzihariri kwenye kompyuta, kisha kuzitazama kwenye televisheni. Video ya saa moja hugonga kikomo cha FAT32 pindi inapozidi megabiti 9.5 kwa sekunde, kiwango ambacho picha za 4K hukipita kwa urahisi. NTFS haisomwi na konsoli. Inabaki exFAT, na diski ya terabaiti 1 inamtosha.

Ukubwa wa diski nao una neno lake. Mbali na mfumo wa faili, diski huwa na jedwali linaloeleza sehemu zake zilivyopangwa, ambalo ni MBR la zamani au GPT jipya. Zipo televisheni zinazolielewa MBR peke yake, na zikikuta GPT husema diski haitambuliki hata kama exFAT yenyewe zinaijua. MBR hufika takribani terabaiti 2.2 tu. Kwa hiyo, kwa matumizi haya ya pamoja, ningenunua diski isiyozidi terabaiti 2, na ningeachana na zile za 4 au 5 hata zikionekana nafuu kwa kila gigabaiti. Kumbuka pia kwamba Mac huweza kufomati exFAT juu ya GPT bila kukuuliza. Hilo ndilo chanzo cha diski inayofunguka vizuri kwenye kompyuta na kukataliwa na televisheni.

Ili kuiandaa diski hiyo kwenye Windows, fungua `diskpart` kama msimamizi. Amri ya kwanza itaorodhesha diski. Yenye nyota kwenye safu ya Gpt ndiyo inayotumia jedwali jipya. Linganisha ukubwa kwa makini kabla ya kuchagua namba, kwa kuwa `clean` hufuta diski nzima bila kuuliza.

```
list disk
select disk 1
clean
convert mbr
create partition primary
format fs=exfat quick
assign
```

Kisha weka video moja fupi na nyingine inayozidi gigabaiti 5, uzijaribu kwenye vifaa vyote kabla ya kuijaza diski. Televisheni ikionyesha majina ya faili lakini ikashindwa kucheza moja, mfumo wa faili hauna kosa. Tatizo ni aina ya video au sauti iliyomo. Isipoonyesha jina lolote, au ikikuomba uifomati, rudi kwenye jedwali na mfumo.

Ombi hilo la kufomati lisikubaliwe kwa haraka. Televisheni inayotaka kurekodi vipindi, na konsoli inayotaka kuhifadhi michezo, kwa kawaida huifomati diski nzima kwa mpango wao, na baada ya hapo kompyuta haitaona chochote ndani yake. PlayStation 5 inahitaji diski ya gigabaiti 250 hadi terabaiti 8 kwa michezo, Xbox inahitaji angalau gigabaiti 128, na zote hudai USB 3.0 au zaidi. Diski ya michezo, basi, haiwezi kuwa ndiyo hii ya pamoja, na anayehitaji vyote viwili anunue diski mbili.

NTFS hupanda nafasi ya kwanza katika hali moja: konsoli ni Xbox, kompyuta zote ni za Windows, na televisheni haiijui exFAT au diski hubeba kumbukumbu nyingi za kazi ambazo ulinzi wa daftari una thamani kwake. Aliyekwama na FAT32 anaweza kuigeuza kuwa NTFS bila kufuta kitu kwa amri ya `convert E: /fs:ntfs`, ingawa nakala ya tahadhari bado inafaa. Amri hiyo haigeuzi exFAT, wala hairudishi NTFS nyuma. Kuingia exFAT kutoka mfumo wowote kunamaanisha kuhamisha kila kitu, kufomati, na kukirudisha.