Mpini wa raketi ya tenisi: namba 2 wenye utepe, au namba 3 mtupu?

Shika raketi, kisha pitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikibanwa, mpini ni mwembamba; nafasi ikibaki, ni mnene.

Ukiwa kati ya namba 2 (mzingo milimita 108) na 3 (milimita 111), chukua 2. Utepe wa juu huongeza karibu nusu namba, na huvuliwa. Mpini mnene haupunguziki kirahisi. Ila namba 2 ikiachwa tupu hujisokota mpira ukigonga pembeni. Unaibana zaidi, misuli ya kigasha inachoka, na maumivu hutokea kiwikoni, upande wa nje.

Funga utepe kuanzia kitakoni, ncha nyembamba kwanza, ukiuvuta kiasi na kuupandanisha milimita 3.