WhatsApp au barua pepe kwa oda za wateja: uzoefu wangu wa kushona mapazia Mombasa

Nina karakana ndogo ya kushona mapazia hapa Majengo, na kwa miaka mitatu shughuli zangu zote na wateja niliziendesha kwa WhatsApp Business. Ni ya bure, mteja hujibu papo hapo, na picha ya kitambaa humfikia kabla sijashika mkasi. Kwa mazungumzo bado naipenda. Kwa makubaliano ya kazi, nimeiacha.

Mwezi wa Machi, mwenye nyumba ya wageni huko Nyali aliniagiza mapazia ya madirisha 14, vipande viwili kila dirisha, na tukakubaliana kwa ujumbe kwamba urefu uwe sentimita 230. Siku ya kumi na mbili nilipoyatundika, yakaishia juu ya sakafu kwa kiasi cha shibiri moja, naye akaniuliza kwa upole, "Dada, si nilikwambia 250?" Nilifungua simu nimwonyeshe, nisione kitu. Alikuwa amewasha mpangilio wa ujumbe kujifuta baada ya siku 7, na mpangilio huo ukiwashwa na mmoja, ujumbe unaofuata hufutika kwa wote wawili. Mstari wa kunijulisha ulikuwa umetokea kwenye mazungumzo yetu, nami nikaupita bila kuusoma. Ilinibidi niunge ukanda wa sentimita 20 chini ya vipande vyote 28, kwa kitambaa nilichonunua mwenyewe.

Baadaye nilitambua pia kwamba aliyetuma ujumbe anaweza kuuhariri ndani ya dakika 15, na mpokeaji huona tu kwamba umehaririwa, wala haonyeshwi maneno ya awali. Barua pepe ikishaingia kwenye kisanduku changu, mtumaji hawezi kuibadilisha, na nakala za nilizotuma hubaki hata simu ikiibiwa.

Sasa mteja na mimi tunazungumza kwa WhatsApp mpaka tuelewane, kisha namwandikia barua pepe moja yenye namba ya oda kwenye kichwa, na ndani yake vipimo, aina ya kitambaa, bei, malipo ya awali na siku ya kupeleka mzigo. Vipimo naviandika ndani ya barua yenyewe, si kwenye kiambatisho peke yake, ili akijibu "Nimekubali" maneno yangu yabaki chini ya jibu lake. Sikati kitambaa kabla ya jibu hilo.

Udhaifu wa barua pepe ni kwamba wengi hawaifungui kwa siku kadhaa, na ya kwanza kutoka kwa mtu asiyejulikana huweza kuangukia kwenye Spam. Kwa hiyo nikishaituma humjulisha mteja kwa WhatsApp, nikimwomba atazame na huko. Asiyetumia barua pepe kabisa, na ninao kadhaa, huja karakanani akatia sahihi kwenye kitabu cha oda chenye karatasi ya kaboni, nakala moja akaondoka nayo.