Muhula nje: kwa mkataba wa vyuo au kujipeleka mwenyewe?

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka muhula mmoja Ulaya ana njia mbili. Kwa mkataba kati ya vyuo, kama ule wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, minervali unaendelea kulipa kwenye chuo chako cha hapa, kule hulipi ada ya masomo, na unapata pesa ya kuishi. Ukijipeleka mwenyewe unachagua chuo chochote kitakachokupokea, lakini ada, tiketi na viza ni juu yako.

Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye kredi. Kwa mkataba, karatasi inayoorodhesha masomo utakayochukua kule inasainiwa kabla ya safari na pande tatu: wewe, chuo cha hapa na cha kule. Aliyejipeleka mara nyingi anarudi na pointi mkononi, ndipo anaanza kuomba zitambuliwe.

Mfano: muhula wa mfumo wa LMD una kredi 30. Umekubaliwa masomo matano ya kredi 6. Ukifika kule, moja limefutwa, nawe unachukua lingine la kredi 6 bila kuandikia kitivo. Unarudi na 30, jiri inatambua 24, na somo la hapa lililolingana na lile lililofutwa unalibeba mwaka unaofuata. Inauma! Siku ileile ya kubadilisha, jaza ukurasa wa mabadiliko, saini zote tatu ziwepo.

Aliyejipeleka naye aombe barua ya dekani inayotaja kila somo na kredi zake kabla hajanunua tiketi. Ahadi ya mdomo kwenye korido haifiki mbele ya jiri.