Umeme wa ziada wa sola: ufidiwe yuniti au ulipwe pesa?

Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinampa mwenye sola nusu ya yuniti alizopeleka kwenye gridi. Ujerumani hulipa pesa kwa yuniti zinazopelekwa, kwa bei isiyobadilika miaka 20.

Tuseme nyumba imepeleka yuniti 250 mwezi huu na usiku ikachukua 200, kila moja shilingi 30. Kwa fidia ya nusu mwenye nyumba anapata 125, analipia 75: shilingi 2,250. Akilipwa shilingi 12 kwa yuniti, anadai 3,000 na anadaiwa 6,000, atatoa 3,000. Hapa fidia inashinda, na bei ya umeme ikipanda inazidi kushinda.

Lakini akichukua yuniti 80 tu, zinabaki 45 ambazo Kenya hufutwa mwisho wa mwaka wa fedha. Kwa malipo, angebaki na shilingi 600 mkononi. Benki inayomkopesha mwenye sola nayo hupenda bei isiyoyumba.

Mita ya pande mbili inahitajika kote. Soma namba zote mbili kila mwezi, ya umeme ulioingia na ya uliotoka. Wanaotumia umeme mwingi usiku wachague fidia. Nyumba inayoshinda tupu inafaidika zaidi na malipo, na kwa vyovyote vile, kupiga pasi mchana kwa umeme wa sola kunaokoa shilingi 30 kamili kwa kila yuniti ambayo ungeinunua.