Rimoti ya TV imekufa? Ipime kwa kamera ya simu kabla hujanunua nyingine

Ukienda Machinga Complex hapa Dodoma ukasema unataka rimoti ya TV ya inchi 32, utauziwa. Ila inchi za kioo hazihusiani kabisa na rimoti. Kinachotakiwa ni chapa na namba ya modeli, ambayo huwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya TV. Ipige picha. Kama rimoti ya zamani bado ipo, ichukue pia.

Kabla ya kutoa hela, ipime. Badilisha betri zote mbili kwa pamoja, kisha angalia springi zake: zikiwa na ukungu mweupe au wa kijani, betri ya zamani ilivuja, na springi zinatakiwa zisuguliwe kwanza. Halafu fungua kamera ya simu, ingia sehemu yenye kiza kidogo, elekeza kitaa cha mbele cha rimoti kwenye kamera na ushikilie kitufe. Rimoti ya miale ya infraredi itaonyesha kitaa kikipepesa kwa rangi ya zambarau au nyeupe, ingawa kwa macho huoni kitu. Tumia kamera ya mbele, ya selfi, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia miale hiyo. Anza na rimoti ya king'amuzi inayofanya kazi, ujue kama kamera yako inaiona.

Kitaa kikiwaka kwa vitufe vingine na kwa kimoja kisiwake, rimoti haijafa. Raba nyeusi iliyo chini ya kitufe hicho imechafuka au imechakaa, na vumbi la Dodoma linachangia sana. Fundi ataifungua na kuisafisha kwa spiriti. Kikipepesa bila kubonyezwa, kuna kitufe kimekwama. Kisipowaka kabisa kwa kitufe chochote, hapo nenda kanunue. Na kikiwaka vizuri lakini TV haisikii, mashaka yahamie kwenye TV yenyewe: huenda kipokezi chake kimeharibika, au kuna kitu kimekiziba pale mbele.

Kuna mahali kipimo hiki kinadanganya, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza hela. Rimoti nyingi za smati TV, hasa zile zenye alama ya maikrofoni, zinatumia Bluetooth. Mawimbi yake kamera haiyaoni. Mara nyingi kitufe cha kuwasha tu ndicho kinachotumia infraredi.

Chukua mfano wa nyumba moja pale Nkuhungu. Umeme umekatika, umerudi, na sasa rimoti inawasha na kuzima TV lakini sauti haipandi na menyu haifunguki. Kwenye kamera, kitufe cha kuwasha kinatoa mwanga, vingine havitoi. Mwenye nyumba akidhani ni raba, ataifungua bure. Kilichopotea ni muunganisho. Kwa Samsung nyingi za smati, isogelee TV ikiwa imewashwa, shikilia kwa pamoja kitufe cha kurudi na kile cha kucheza na kusimamisha kwa sekunde 3 au zaidi, mpaka ujumbe wa kuunganisha utokee kwenye kioo. Gharama yake ni sifuri.

Ikibidi kununua, mimi napanga hivi. Ya kwanza ni rimoti iliyotengenezwa kwa modeli yako, hata kama ni kopi. Vitufe vinakaa mahali pake na hakuna cha kupanga. Kwa TV ya kawaida isiyo na Bluetooth, kopi nzuri inatosha kabisa.

Ya pili ni ile ya chapa moja, inayoandikwa kuwa inafaa TV zote za kampuni fulani. Kwa smati TV itafanya kazi za msingi kwa infraredi, ila usitegemee kuongea nayo wala kutumia mshale wa kuelea kama wa LG. Ukivitaka hivyo, tafuta ya Bluetooth ya modeli yako, na ujiandae kulipa zaidi.

Ya tatu ni ya TV za kampuni zote, ile ya kuingiza kodi, yaani namba za kuitambulisha TV yako. Ni rahisi kwa bei, lakini baadhi husahau kodi ukitoa betri, na mzee wa nyumbani atakuita kila mara.

Programu ya simu naiweka mwisho. Inahitaji simu yenye kitaa cha infraredi, au TV iliyo kwenye Wi-Fi moja na simu, na ukitoka nyumbani umeondoka na rimoti.

Dukani, pima kwa kamera hapohapo, kitufe kimoja kimoja. Mwanga unathibitisha kuwa rimoti inatuma, hauthibitishi kuwa kodi yake ni ya TV yako. Kwa hiyo kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba isipoendana utairudisha kesho, na umwambie aandike hivyo kwenye risiti.